Usibonyeze Kwanza: Barua ya Kudai Nauli Badala ya Vocha

Dada mmoja anayeishi Hamburg alinipigia simu jioni moja, nusu analalamika, nusu anafurahi. Safari yake ya Dar es Salaam, yeye na mwanawe, ilikuwa imefutwa siku 22 kabla ya kuondoka. Shirika la ndege lilikuwa limemwandikia barua pepe ya kumpa pole, na chini yake kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: pokea vocha yenye thamani ya tiketi zako pamoja na nyongeza ya asilimia 10. "Kaka, si wameniongezea na zawadi?" akaniuliza. Mimi nikamuuliza neno moja tu: "Umeshabonyeza?" Hakuwa amebonyeza. Nilishusha pumzi, maana barua ya kudai fedha hushinda au hushindwa mara nyingi kabla haijaandikwa, na hushindwa pale kwenye kitufe.

Sababu iko katika sheria yenyewe. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ambayo ndiyo ngao kuu ya abiria anayeondokea katika nchi za Umoja huo. Kifungu chake cha 8 kinasema kwamba shirika likifuta safari, abiria achague: arudishiwe nauli ndani ya siku 7, au apelekwe aendako kwa safari nyingine. Namna ya kulipa imetajwa katika kifungu cha 7, ibara ya 3: fedha taslimu, uhamisho wa benki au hundi. Vocha imetajwa pia, lakini kwa sharti moja, nalo ni makubaliano ya abiria yaliyotiwa saini. Maana yake ni kwamba kwa sheria hii fedha ndiyo kawaida na vocha ndiyo ruhusa ya pekee. Barua pepe nyingi za mashirika huandikwa kana kwamba mambo ni kinyume chake, vocha mbele kabisa, na neno la kurejeshewa nauli limejificha huko chini kwa herufi ndogo.

Saini hiyo si lazima iwe ya kalamu. Tarehe 21 Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Cobult dhidi ya shirika la TAP la Ureno. Lilihusu safari ya kutoka Fortaleza, Brazil, hadi Frankfurt kupitia Lisbon, iliyofutwa mwaka 2020. Abiria alikuwa amejaza fomu kwenye tovuti ya shirika na kuchagua vocha, kisha akabadili mawazo na kutaka fedha. Mahakama ilisema kujaza fomu mtandaoni kunatosha kuhesabiwa kuwa ni makubaliano yenye saini, ilimradi abiria alielezwa waziwazi na kikamilifu kuwa ana haki ya kupewa fedha, naye akachagua kwa kujua. Uamuzi huo una ncha mbili. Aliyebonyeza baada ya kuelezwa vizuri amefunga mlango wake mwenyewe. Aliyebonyeza kwenye ukurasa uliomwonyesha vocha peke yake, au uliofanya njia ya fedha ionekane kama haipo, bado ana hoja, ila sasa itambidi athibitishe ukurasa ule ulikuwaje siku ile. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwomba yule dada lilikuwa apige picha ya skrini: barua pepe nzima kutoka juu hadi chini, na ukurasa unaofunguka ukifuata kiungo, bila kubonyeza kitufe cha mwisho.

Jambo la pili lilikuwa kujua sheria ya nani inatawala safari yake, na hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Tiketi yake ilikuwa ya shirika lisilo la Ulaya. Watu wa nyumbani walishamwambia kuwa sheria za Ulaya hazilihusu. Walikosea. Kanuni ya 261 hufuata uwanja wa kuondokea: safari yoyote inayoanzia katika nchi ya Umoja wa Ulaya inaingia, hata kama ndege ni ya Addis Ababa, Istanbul, Doha au Nairobi. Ikiwa tiketi ni moja yenye kituo cha kubadilisha ndege katikati, Hamburg hadi Dar es Salaam inahesabiwa kuwa safari moja.

Upande wa kurudi ni habari nyingine. Kwa safari inayoanzia nje ya Umoja huo na kuishia ndani yake, kanuni inamlinda abiria pale tu ndege inapoendeshwa na shirika lenye leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2008 mahakama ileile ililisema hilo katika shauri la Emirates dhidi ya Schenkel. Abiria alitoka Düsseldorf kwenda Manila kupitia Dubai, na safari ya kurudi kutoka Manila ikafutwa. Mahakama ikaamua kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili, hata zikinunuliwa kwa pamoja, na ile ya kurudi haikuwa chini ya kanuni. Kwa lugha ya kwetu: anayetoka Dar kwenda Hamburg kwa ndege ya shirika la Kiholanzi analindwa na kanuni hiyo, na anayepanda ndege ya shirika la Kiafrika au la Ghuba kwa njia ileile halindwi nayo.

Wenzetu wa Minneapolis na Columbus wana afadhali kidogo hapo. Kanuni za Wizara ya Usafirishaji ya Marekani zilizoanza kutumika mwishoni mwa Oktoba 2024 zinagusa safari za kwenda na za kutoka Marekani, shirika liwe la nchi yoyote. Abiria akikataa safari mbadala na vocha, nauli irudi ndani ya siku 7 za kazi kama alilipa kwa kadi ya mkopo, na siku 20 kwa njia nyingine.

Je, anayeachwa nje ya sheria zote hizo hana kitu? Anacho, nacho ni mkataba. Kila shirika lina masharti ya usafirishaji kwenye tovuti yake, waraka mrefu unaochosha ambao hakuna anayeusoma. Mashirika mengi yameuandika kwa kufuata mfano mmoja wa shirikisho lao, IATA, na mara nyingi kifungu cha 10 ndicho kinachohusu kurejesha nauli. Humo utakuta aina mbili za marejesho: yale yanayotokana na hiari ya abiria, na yale yasiyotokana na hiari yake. Tiketi iliyoandikwa kwamba nauli hairejeshwi inazungumzia aina ya kwanza, yaani wewe umeghairi. Shirika likifuta safari, ni aina ya pili, na kwa kawaida masharti hayo yanasema kwamba tiketi ambayo haijatumika kabisa irudishiwe nauli yote iliyolipwa. Mfanyakazi wa kituo cha simu atakusomea maneno ya tiketi. Wewe msomee kifungu cha masharti ya mwajiri wake, kwa namba. Nimeona hoja hiyo ikibadilisha sauti ya mtu upande wa pili wa simu.

Yote haya yanategemea jibu la swali dogo: nani aliyefuta? Abiria anayesikia fununu kwamba safari itafutwa, akakimbilia kughairi mwenyewe ili "asipoteze muda", amejihamisha kutoka aina ya pili kwenda ya kwanza. Kusubiri ndilo jambo la busara. Na kufutwa hakuhitaji neno "kufutwa" liandikwe. Kwa Kanuni ya 261, ratiba ikibadilishwa ndege ikaondoka zaidi ya saa moja mapema kuliko ilivyopangwa, hiyo nayo inahesabiwa kuwa imefutwa. Mahakama ilisema hivyo Desemba 2021. Kuchelewa kwa saa 5 au zaidi kunampa abiria haki ya kuacha safari na kurudishiwa nauli. Barua pepe inayosema "ratiba yako imebadilika kidogo" isomwe saa kwa saa.

Sasa barua. Yule dada alikuwa ameshaandika ya kwake, kurasa mbili. Ilianza na uaminifu wake kwa shirika lile kwa miaka tisa, ikapita kwenye harusi ya mdogo wake atakayoikosa, ikafika kwenye mtoto aliyelia, ikaomba nauli, ikaomba fidia ya usumbufu, ikaomba pia mizigo ya ziada safari ijayo, ikafunga kwa kutishia kuandika kwenye magazeti. Ilikuwa barua nzuri ya kumwandikia shangazi. Kwa shirika la ndege ilikuwa na kasoro moja kubwa: iliomba mambo matatu, na anayejibu angeweza kuchagua lile jepesi kukataa, akalikataa kwa maneno marefu na ya heshima, kisha faili likafungwa.

Fidia ndilo jambo ambalo lingekataliwa. Kanuni ya 261 inatoa fidia ya euro 250, 400 au 600 kwa kadiri ya umbali, lakini si kwa abiria aliyearifiwa angalau wiki mbili kabla. Yeye aliarifiwa siku 22 kabla. Hata angearifiwa siku 3 kabla, shirika lingeweza kujitetea kwa hali isiyo ya kawaida, kama vile dhoruba au anga kufungwa, ikaanza hoja ya miezi. Utetezi huo haugusi nauli hata kidogo. Nauli inarudi awe aliyesababisha ni shirika, mvua au volkano. Ndiyo maana nauli na fidia visikae kwenye barua moja: deni lisilo na ubishi lisifungwe kamba na deni lenye ubishi. Anayestahili vyote viwili aandike barua mbili.

Tukakaa kwenye simu tukaipunguza. Fedha aliyolipa ilikuwa euro 1,930 jumla, na tuliigawa katika mafungu matatu: nauli na kodi za watu wawili 1,840, kuchagua viti 60, na ada ya wakala wa mtandaoni aliyemuuzia tiketi 30. Kugawa huku kuna maana. Sheria inasema irudishwe gharama kamili ya tiketi kwa bei iliyonunuliwa, na juu ya 1,840 hakuna wa kubisha. Viti vinaweza kuzua maneno. Ada ya wakala ina uamuzi wake: Septemba 2018, katika shauri la Harms dhidi ya Vueling lililotoka hukohuko Hamburg, ubishi ulikuwa juu ya tofauti ya euro 77 kati ya bei aliyolipa mnunuzi na ile iliyolifikia shirika. Mahakama ilisema kamisheni ya wakala nayo irudishwe, isipokuwa kama iliwekwa bila shirika kujua. Basi kila fungu likakaa kwenye mstari wake, ili ubishi wa 30 usije ukazuia 1,840. Barua iliyobaki ilikuwa hivi:

"Namba ya uhifadhi: … Namba za tiketi: … na … Abiria: … na … Safari: Hamburg hadi Dar es Salaam na kurudi, kuondoka tarehe …

Tarehe … mlinijulisha kwa barua pepe kwamba mmefuta safari hii. Nachagua kurudishiwa nauli kwa mujibu wa kifungu cha 8, ibara ya 1(a), ya Kanuni ya 261 ya mwaka 2004. Sikubali vocha, na sijatoa makubaliano yoyote ya kupokea vocha kwa mujibu wa kifungu cha 7, ibara ya 3.

Naomba euro 1,840 za nauli na kodi, euro 60 za viti, na euro 30 za ada ya wakala, jumla euro 1,930, zilipwe kwenye kadi iliyotumika kununua au kwenye akaunti hii: … Malipo yafike ndani ya siku 7 tangu leo, tarehe …

Nimeambatanisha tiketi, risiti, na barua yenu ya kufuta safari."

Basi. Hakuna harusi, hakuna vitisho. Mwenyewe alisikitika kidogo. Alisema imekuwa kavu kama muwa uliokwisha kutafunwa. Ni kweli, lakini barua hii haiandikiwi yule atakayeijibu kwanza. Inaandikiwa mtu wa tatu atakayeisoma baadaye, karani wa benki, ofisa wa mamlaka au hakimu, ambaye atataka kuona tarehe, kiasi, na kwamba vocha ilikataliwa wazi. Sentensi ya kukataa vocha ndiyo ya lazima kuliko zote. Mashirika mengine hutuma vocha bila kuulizwa, ikaingia kwenye akaunti ya abiria, na miezi baadaye ukimya wake ukaitwa kukubali.

Mambo madogo yana uzito wake. Tumia namba ya tiketi, si ile ya uhifadhi peke yake. Namba ya uhifadhi ni herufi na tarakimu 6 ambazo wakala na shirika wanaweza kuwa na zao tofauti, lakini namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Halafu angalia ndege inaendeshwa na nani. Tiketi inaweza kuuzwa kwa jina la shirika moja na ndege kurushwa na jingine, na Kanuni ya 261 inamdai yule anayerusha. Barua itumwe kupitia fomu ya tovuti, na nakala yake kwa barua pepe, kwa Kiingereza au lugha ya shirika. Fomu zina tabia ya kumeza maandishi bila kuacha alama. Kama fomu inalazimisha kuchagua kati ya "vocha" na "vocha", iache, tuma barua pepe, na uhifadhi picha ya fomu hiyo.

Majibu aliyopata yalifuata utaratibu ambao ningeweza kuubashiri. La kwanza lilikuwa la mashine, kushukuru kwa uvumilivu. La pili lilisema ulinunua kwa wakala, mwulize wakala. Jibu hili lina ukweli nusu: fedha mara nyingi hurudi kwa njia ileile ziliyopitia, na wakala anaweza kuhitajika kusukuma ombi kwenye mfumo. Lakini deni kwa abiria ni la shirika linalorusha ndege. Alimwandikia wakala mistari miwili, akaliandikia shirika mistari miwili akitaja tarehe ya barua ya kwanza. Asingekuwa amenunua tiketi peke yake bali kifurushi cha ndege na hoteli pamoja, mambo yangekuwa tofauti, kwani hapo sheria ya vifurushi inamwelekeza kwa mwandaaji wa safari. Jibu la tatu lilirudi na vocha, safari hii kwa nyongeza ya asilimia 15.

Nyongeza hiyo ina historia. Mwaka 2020, dunia ilipofungwa kwa sababu ya korona, mashirika yalikuwa yamekalia fedha za tiketi ambazo hayakuweza kuzirejesha kwa mkupuo bila kufilisika. Mei 13 mwaka huo Kamisheni ya Ulaya ilitoa pendekezo: vocha zifanywe zivutie, zidumu angalau miezi 12, zilindwe shirika likifilisika, na zisizotumika zigeuzwe fedha. Lilikuwa pendekezo tu, na Kamisheni ilisisitiza kwamba haki ya fedha haikuguswa. Kilichobaki hadi leo ni ile sehemu ya kuvutia. Ya ulinzi dhidi ya kufilisika haikushika mizizi kwa nguvu. Mwenye vocha analikopesha shirika bila riba wala dhamana. Flybe ya Uingereza ilikufa Machi 2020, ikafufuka, ikafa tena Januari 2023. Siku kama hiyo vocha hugeuka karatasi, na mwenye nayo anajipanga nyuma ya benki na wakodishaji wa ndege. Sisemi vocha ni mbaya kila mara. Anayejua atasafiri tena na shirika hilohilo ndani ya miezi michache, na ameridhika na nyongeza, apokee kwa moyo mweupe. Ila asome kwanza kama tarehe ya mwisho ni ya kuhifadhi safari au ya kusafiri, na kama mtoto wake anaweza kutumia vocha yenye jina la mama.

Siku 7 zilipita. Alikuwa amelipa kwa kadi, hivyo njia ya haraka ilikuwa benki yake: kupinga malipo kwa sababu huduma iliyolipiwa haikutolewa. Muda wa kufanya hivyo kwa kadi za Visa na Mastercard kwa kawaida ni siku 120, na benki huomba hasa vile vitu vilivyokwisha kuambatanishwa: risiti, tangazo la kufutwa, na uthibitisho kwamba uliomba fedha ukakataa vocha. Hapo ile barua kavu ikawa ndiyo faili zima. Mwenye vocha iliyokubaliwa huulizwa na benki swali moja na safari yake inaishia hapo. Siku 19 baada ya barua ya kwanza shirika likalipa euro 1,900. Zile 30 za wakala hazikuja, naye hakuona sababu ya kuzifuata.

Kama benki isingefaa, zilibaki njia za polepole. Ujerumani ina Luftfahrt-Bundesamt, mamlaka inayosimamia kanuni hii. Inaweza kuliadhibu shirika lakini hailidai kwa niaba yako. Wa kukudaia ni hakimu wa mahakama ya kwanza, Amtsgericht. Ndani ya Umoja wa Ulaya upo pia utaratibu wa madai madogo ya kuvuka mipaka, hadi euro 5,000, unaoanza kwa fomu na hauhitaji wakili. Aliyeko Tanzania apeleke lalamiko kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililo chini ya sheria ya mamlaka ya anga, akiwa na barua ileile iliyobadilishwa mstari mmoja: panapotajwa kanuni ya Ulaya, pakae namba ya kifungu cha masharti ya shirika.

Na kama safari yako iliyofutwa ni ya zamani, usidhani imeshapita. Kwa deni la namna hii linalodaiwa kwa sheria ya Ujerumani, miaka mitatu huanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka deni lilipozuka. Safari iliyofutwa wakati wowote wa mwaka 2024 inaweza kudaiwa mahakamani hadi tarehe 31 Desemba 2027.